Watu Arobaini na Watatu Wasio na Wilaya

Mama Jumla alipoilaza penseli nyekundu mezani, Ticha alijua siku imeharibika. Akiilaza ya kijani hakuna neno, ni muda wa chai tu. Lakini ile nyekundu ikilazwa sawasawa na ukingo wa meza, na miwani ikapandishwa kipajini, basi ujue kuna kitu hakikubali. Na kitu kisichokubali mbele ya mama yule hakiendi popote, hata aje nani.

"Arobaini na tatu," alisema.

"Arobaini na tatu nini, Mama?"

"Ndicho na mimi ninachotaka kujua."

Tuelewane kwanza. Hapo ni ofisi ya takwimu, ghorofa ya tatu, chumba cha majedwali, na kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ripoti ya sensa: nchi nzima, mtu mmoja mmoja, imekunjwa ikawa kurasa mia mbili na kitu. Moyo wa ripoti hiyo ni Jedwali la Pili. Wilaya arobaini na moja zimepangwa chini ya mikoa yao tisa, na kila mstari una wanaume, wanawake na jumla. Sheria yake hata mtoto wa shule anaijua: wilaya zikijumlishwa zizae mkoa, mikoa ikijumlishwa izae taifa. Isipokuwa hivyo, hiyo si ripoti, ni porojo yenye jalada.

Ticha ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba kile. Au tuseme kaimu mkuu, maana ukaimu wake ulikuwa umetimiza miezi kumi na minne na barua ya kuthibitishwa haijaonekana hata kivuli chake. Jina la Ticha alilibeba kutoka shule ya sekondari alikofundisha hesabu kabla ya kuja mjini. Na asubuhi ile ile Mkurugenzi alikuwa amemsimamisha kwenye ngazi akamwambia bila kuzunguka mbuyu, "Kaimu, ripoti ifike kwa mchapaji saa kumi jioni. Ikifika, barua yako naisaini leo. Isipofika, nitatafuta mtu anayeweza kuifikisha." Mchapaji alishatenga mashine, kadi za uzinduzi zilishatoka, na jumla ya taifa ilikuwa imefichwa kama mahari, isisikike mpaka siku hiyo.

Sasa saa nne na nusu, penseli nyekundu imelala.

Na aliyeilaza ni nani? Mhakiki wa majedwali, mama wa miaka hamsini na nane, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, rula ya mbao yenye pengo aliyopewa alipoanza kazi na hajakubali kuibadilisha. Hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Hata akienda harusini, watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa, yeye keshasema viti vimepungua sita, na kweli vimepungua sita. Kompyuta alikuwa nayo mezani, ameifunika kitambaa cha kufumwa. Pembeni yake ndipo ilipokaa mashine yake ya kujumlishia, ile yenye ukanda wa karatasi unaoteremka mpaka sakafuni.

"Kompyuta inajumlisha ulichoiambia," hupenda kusema. "Haijumlishi ulichokusudia."

Alikuwa amefanya hivi. Kwanza alijumlisha mikoa tisa: 8,417,562, sawasawa na mstari wa taifa. Ticha naye alikuwa amefanya hivyo hivyo jana, akafurahi, akaenda nyumbani. Mama Jumla hakwenda nyumbani. Alirudi akajumlisha wilaya zote arobaini na moja peke yake, kana kwamba mikoa haipo duniani: 8,417,519. Pungufu ya watu arobaini na watatu. Ndipo akashika mkoa mmoja mmoja. Minane ilikubali. Wa saba ukagoma: wilaya zake tano zilizaa 944,148, na mstari wa mkoa unasema 944,191.

Ticha aliinama juu ya ukanda wa karatasi, akaona aibu kidogo. Alihakiki ghorofa ya juu akadhani nyumba nzima imesimama. Tena mkoa wa saba, jamani! Kwao hasa, alikozaliwa, alikomzika mama yake mwaka ule ule wa sensa.

"Mama," alisema kwa sauti ya mtu anayebembeleza, "arobaini na tatu kwenye milioni nane. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu akigeuka akauliza kombe lina nini?"

"Hakuna atakayejumlisha."

"Mimi nimejumlisha. Na huko nje kuna mwalimu mmoja wa hesabu, mkorofi kama wewe ulivyokuwa, atawapa wanafunzi wake jedwali hili wajumlishe ubaoni. Halafu watoto ndio watatuambia nchi haijui watu wake."

Ticha alicheka bila kupenda. Akavuta kiti, akaketi, akaweka hoja yake kama mtu mzima. Jumla ya taifa haijatangazwa. Mstari wa mkoa ndio uliozidi, wilaya ziko shwari. Basi si tukate arobaini na tatu kwenye mkoa, tukate arobaini na tatu kwenye taifa, wilaya zizae mkoa, mkoa uzae taifa, na saa kumi karatasi ziko kwa mchapaji? Dakika kumi tu za kazi.

Mama Jumla alifungua kurasa za mbele, akamwekea Jedwali la Tano chini ya pua. Hilo ni jedwali la umri, mkoa kwa mkoa.

"Hapa mkoa wa saba nao una 944,191," alisema. "Ukiwatoa kule, uwatoe na huku. Haya, niambie. Utamtoa nani? Watoto wachanga? Vijana?"

"Aa, toa wazee," Ticha alisema, mkono ukipunga hewani. "Wazee hawatalalamika."

Lilikuwa neno la mzaha la mtu aliyebanwa na saa, wala halikumkaa moyoni hata sekunde moja. Mama Jumla alimtazama juu ya miwani, akaguna, akairudisha penseli nyekundu mkononi.

"Sisaini," alisema.

Basi. Fomu ya kupeleka majedwali kwa mchapaji ina sahihi mbili, ya mkuu wa chumba na ya mhakiki. Sahihi moja haivushi mtu. Ticha alitoka nje ukumbini, akaegemea ukuta, akajisemea kwamba mama yule atamnyima riziki hivi hivi anaona. Alikasirika, ndiyo, kwa nini tufiche? Alimkasirikia kama mtoto anavyomkasirikia mzazi anayemrudisha kuvaa sweta. Halafu akarudi ndani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.

"Una mpaka saa saba, Mama. Saa saba na dakika moja namwita Mkurugenzi."

"Usipoteze hizo dakika kwa kunitisha. Chukua kalamu, unisomee."

Na hapo ndipo Ticha, aliyesoma chuo kikuu miaka minne na kufundisha mingine sita, alipoona mtu akifanya kazi.

Jambo la kwanza, Mama Jumla aliitazama arobaini na tatu yenyewe. "Nne na tatu, saba. Haigawanyiki kwa tisa. Basi si tarakimu zilizopishana." Ticha aliitikia kwa kichwa, hilo alilijua, ni ujanja wa zamani. Ukiandika 58 mahali pa 85, tofauti itagawanyika kwa tisa daima. Alilijua, ila hakukumbuka kulitumia, na kujua kusikotumika ni mzigo wa bure.

Jambo la pili, akamwambia asome safu ya wanaume ya mkoa wa saba, halafu ya wanawake. Mashine ikalia krr, krr, ukanda ukateremka. Wanaume pungufu kumi na saba. Wanawake pungufu ishirini na sita.

"Kumi na saba na ishirini na sita?" aliuliza.

"Arobaini na tatu."

"Umeona? Kosa la kidole huvuruga safu moja, nyingine ikabaki salama. Hili limegusa zote mbili na bado zinajumlika. Tarakimu iliyoteleza haina jinsia, mwanangu. Hawa ni watu."

Kitu fulani kilimpita Ticha mgongoni, si woga, ni ile furaha ya zamani ya darasani pale mwanafunzi asiyetazamiwa anaponyoosha mkono na jibu sahihi. Akavuta kiti karibu zaidi.

Jambo la tatu lilikula saa nzima. Walichukua majedwali ya umri ya wilaya tano, wakayajumlisha kundi kwa kundi, wakayatoa kwenye jedwali la umri la mkoa. Ticha anasoma, Mama Jumla anabonyeza, Ticha anaandika kinachobaki. Watoto chini ya miaka mitano, tisa. Wanawake wa miaka ishirini na kitu, wengi kidogo. Wanaume wa makamo, wachache. Wanawake wa miaka sabini hadi sabini na nne, mmoja. Aliandika 1 kwa haraka, akaendelea mstari wa chini. Mwisho wakajumlisha mabaki: arobaini na tatu, bila mtu kuzidi wala kupungua. Mama Jumla alipiga meza kwa kiganja.

"Wamo wakubwa kwa wadogo. Haya, leta kaya."

"Kaya za nini?"

"Leta kwanza, uliza baadaye. Ninyi wasomi!"

Kaya za mkoa wa saba: 208,316. Kaya za wilaya tano zikijumlishwa: 208,316. Zinakubali kabisa. Ticha alizitazama namba zile mbili, na kabla Mama hajafungua mdomo, akaelewa mwenyewe, akasimama wima kama aliyeitwa jina.

"Watu arobaini na watatu wasio na kaya."

"Enhe."

"Hawakuhesabiwa nyumbani. Walihesabiwa kwenye taasisi."

"Enhe! Sasa taja taasisi. Gereza?"

"Wanaume na wanawake na watoto wadogo tisa... hapana."

"Bweni la shule?"

"Umri ungekuwa mmoja. Mama, ni..."

"Hospitali," alimalizia Mama Jumla, akavua miwani akaifuta kwa pindo la kanga aliyojitanda mabegani, taratibu, kama mtu aliyemaliza kuchambua mchele. "Wagonjwa na wanaolala nao. Usiku wa sensa mtu huhesabiwa alipolala. Hawa walilala hospitali, na kuna mtu amewahesabu vizuri tu, maana mkoa umewapata. Wamepotelea kati ya mkoa na wilaya. Ni kitabu, mwanangu. Kuna kitabu kimoja cha taasisi hakina wilaya."

Kwa ukanda wa karatasi na penseli tu! Bila kunyanyuka kitini! Ticha alitaka kumshika mikono, akaona haya. Miezi kumi na minne amekuwa mkuu wa mama huyu, na kumbe muda wote huo alikuwa mwanafunzi wake, ila hakuambiwa.

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika tano. Ticha hakungoja zitimie. Alipanda ghorofa moja hadi kwa Mkurugenzi, akagonga, akaingia.

"Jedwali la Pili halijawa tayari," alisema. "Wilaya za mkoa wa saba hazifiki mkoa. Tunajua kwa nini, na tunajua pa kutafuta. Saa kumi hatutafika."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu mwenye simu tatu na zote zinalia. "Wangapi?" aliuliza.

"Arobaini na watatu."

"Kaimu. Unajua barua yako iko wapi?" Akagonga droo kwa kidole.

"Najua, mzee. Lakini nikiwakata hao sitajua nimemkata nani."

Ilimtoka hivyo, na alipoisikia mwenyewe akashangaa, maana maneno hayo hayakuwa yake. Ni ya Mama Jumla kasoro miwani. Mkurugenzi akainua simu moja. "Nitamwomba mchapaji anisubiri mpaka saa kumi na mbili," alisema. "Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya yule mama. Mara ya mwisho nilipombishia nilikuwa na nywele."

Ghala la madodoso liko chini kabisa, chini ya ardhi, na mlinzi wake anaitwa Kufuli. Kufuli hana mdogo wala mkubwa: wote husaini daftari, hata malaika wakija watasaini. Waliposaini, akawaongoza kwenye rafu za mkoa wa saba, sehemu ya taasisi. Vumbi, harufu ya karatasi, taa moja inayokonyeza. Ilikuwa kwenye saa nane hivi.

Mama Jumla alitoa vitabu vya taasisi kimoja kimoja, akikagua visanduku vya juu ya jalada tu: mkoa, wilaya, kata. Saba, nne. Saba, mbili. Saba, tano. Hospitali ya Mkoa ilikuwa na vitabu vitatu. Cha kwanza, ghorofa ya chini: saba, tano, maana hospitali ile iko katika wilaya ya mjini na mjini ni tano. Cha pili, ghorofa ya kwanza: saba, tano. Cha tatu, ghorofa ya pili, kina mwandiko mwingine. Mkoa: saba. Wilaya: sifuri, sifuri. Pembeni msimamizi ameandika kwa herufi nzuri za kujitapa: *Taasisi ya Mkoa*.

Mama Jumla alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Muone huyu! Kwake Hospitali ya Mkoa ni ya mkoa, kwa hiyo haina wilaya! Sifuri sifuri ni alama yetu ya barua za makao makuu ya mkoa. Alikuwa mtu wa masjala huyu, nakuapia, akavalishwa usimamizi wa sensa. Ukimkuta atakuambia amefuata utaratibu."

Na mambo yote yakakaa mahali pake. Kompyuta ilisoma saba, ikawatia mkoani. Ikasoma sifuri sifuri, ikatafuta wilaya ya namba hiyo kati ya zile tano, haikuiona, ikanyamaza. Haikupiga kelele wala haikuandika popote. Watu arobaini na watatu walikuwa wamesimama mlangoni, wamepokewa na mkoa, wilaya haikuwafungulia.

"Tuwahesabu," alisema Mama Jumla. "Tusidhani, tuhesabu."

Hapo akatoa mkobani kipande chake cha karatasi ngumu ya manila, kirefu, kimechakaa kingo. Hakuna aliyewahi kumwona Mama Jumla akifungua dodoso bila kipande kile. Alikilaza juu ya safu ya majina kutoka juu mpaka chini, yakafunikwa yote, zikabaki jinsi, umri, na alama ya mgonjwa au msaidizi wake. Majina si kazi yetu, huwaambia wageni wa kazi. Mtu alitupa jina lake kwa siri, na siri haina mwisho wa sensa.

Ticha akaanza kusoma, kidole mstarini, naye Mama akitia tiki kwenye karatasi yake.

"Mwanamke, ishirini na mbili, mgonjwa."

"Twende."

"Mwanamume, sifuri, mgonjwa."

"Mtoto wa yule. Twende."

Walifika mstari wa kumi na nane bila kusimama. Wa kumi na tisa, Ticha alifungua mdomo na sauti haikutoka.

Mwanamke. Kwenye umri palikuwa pameandikwa 70, pakakatwa kwa mstari mmoja, na juu yake 71, na herufi za mwanzo za jina la karani kuthibitisha amekata mwenyewe. Mgonjwa. Mstari wa ishirini: mwanamke, arobaini na sita, msaidizi.

Usiku wa sensa Ticha alikuwa hapa makao makuu, simu mbili masikioni, akipokea taarifa za mikoa. Aliyelala na mama hospitalini ni dada yake mkubwa. Wiki tatu baadaye walimzika, na jioni ya mazishi dada alimsimulia ili wacheke kidogo. Karani alikuja wodini, akamkuta mama macho yamefumba, akamuuliza dada umri wa mgonjwa, dada akasema kama sabini hivi, karani akaandika. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, akafumbua macho. "Sabini na moja. Usiniibie mwaka. Kata uandike vizuri. Mwanangu yuko huko karatasi hizi zinakopelekwa, ataniona." Walicheka siku ile, yeye na dada, wakalia. Na Ticha alifikiri moyoni, maskini mama, hajui kwamba huku hatuoni watu, tunaona safu.

"Ticha?" Mama Jumla aliinua uso. "Umekwama wapi?"

"Mstari wa kumi na tisa," alisema. "Mama, nadhani... huyu ni mama yangu."

Mama Jumla alitazama mstari, akatazama umri uliokatwa, akamtazama yeye. Hakuuliza una hakika. Aliinua mkono wake kutoka kwenye kile kipande cha manila, akaugeuza uso wake upande wa rafu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vumbi la huku linaniumiza macho. Nayapumzisha kidogo."

Miaka thelathini na minne ya kazi, na hapo ndipo alipoachia kile kipande kwa mara ya kwanza.

Ticha aliweka vidole juu ya manila. Chini yake palikuwa na jina, limeandikwa na karani asiyemjua, usiku ambao yeye mwenyewe hakuwepo. Alikibonyeza kipande kile kikae vizuri zaidi. Hakukiinua. Machozi yalikuwa yamekwishamtoka, na hakuyaficha.

"Asubuhi nilisema tutoe wazee," alisema.

"Ulisema."

"Nilisema hawatalalamika."

"Ulisema, nilikusikia," Mama Jumla alijibu, akigeuka na kuishika tena penseli. "Ndiyo maana ofisi ikaajiri mhakiki. Haya, nisomee. Usimruke."

"Mwanamke," Ticha alisoma, na safari hii sauti ilitoka yote mpaka Kufuli akachungulia. "Sabini na moja. Mgonjwa."

"Twende."

"Mwanamke. Arobaini na sita. Msaidizi wa mgonjwa."

"Twende."

Walifika mwisho: wanaume kumi na saba, wanawake ishirini na sita. Wakapanda juu. Ticha aliandika hati ya marekebisho, kitabu namba fulani, wilaya sifuri sifuri iwe tano, sababu na ushahidi ni vitabu viwili vingine vya hospitali hiyo hiyo, wakasaini wote wawili. Akaendesha upya majedwali yote ya wilaya, si la pili tu. Wilaya ya mjini ilitoka 301,694 ikawa 301,737. Nyingine nne hazikutikisika. Halafu, uchovu wote ule, Mama Jumla akataka waanze mwanzo: mikoa kwa taifa, wilaya zote kwa taifa, wilaya kwa mkoa wake, mkoa mmoja mmoja, wanaume, wanawake. Ticha hakubisha. Ukanda ukateremka, ukajikunja sakafuni, na mwisho wake ukasema 8,417,562 kwa njia zote mbili. Penseli ya kijani ikalala mezani.

Mchapaji alipokea karatasi saa kumi na mbili kasorobo. Habari ya barua ya uthibitisho tusiulizane. Mkurugenzi alikuwa ameondoka na ufunguo wa droo anao yeye.

Mama Jumla alikuwa akifunga mkoba wake, manila kwanza, rula baadaye. Ticha alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akambebea chupa ya chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na yule mama akaikubali huduma kana kwamba amekuwa akiisubiri miezi kumi na minne. "Kesho Jedwali la Tatu," alisema akishuka. "Usichelewe."

Ticha alirudi kwenye kiti chake, akampigia dada yake. Huko ng'ambo ya simu palikuwa na sufuria na watoto, dada akipiga kelele waache maji.

"Dada," alisema. "Nimemwona."

"Umemwona nani?"

"Mama. Yumo."

Kelele za sufuria zilikoma. Dada hakuuliza wapi, hakuuliza kivipi. Aliposema, Ticha alimsikia akilia na kucheka kwa pamoja.

"Si alisema?"